Sentensi Isiyo na Jina: Wizi wa Maandishi kwa Mwanafunzi Anayeanza Chuo

Wizi wa maandishi ni kuwasilisha maneno, mawazo au mpangilio wa hoja za mtu mwingine kwa namna inayomfanya msomaji aamini kwamba ni kazi ya aliyeiwasilisha. Fasili hii haitaji nia ya mwandishi wala sheria ya nchi. Inataja jambo moja tu, yaani kile ambacho msomaji ameaminishwa. Mwanafunzi aliyenakili kurasa tano kwa makusudi, na mwenzake aliyesahau alama za kunukuu kwa sababu muda ulimbana, wanaweza kumkabidhi mhadhiri karatasi zinazolingana neno kwa neno. Tofauti kati yao ipo na ina uzito wake, lakini kwanza yafaa kuangalia wanachoshirikiana.

Ahadi iliyomo katika jina

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hufika chuoni wakiwa wamezoea utaratibu mwingine. Sekondari, mwalimu huandika notisi ubaoni, wanafunzi huzinakili daftarini, na siku ya mtihani anayezirudisha kwa usahihi zaidi ndiye anayepata alama nzuri. Hakuna anayeuliza notisi hizo zilitoka kitabu gani, kwa sababu mtihani unapima kama maarifa yamemfikia mwanafunzi. Ndani ya utaratibu huo, kunakili ni sehemu halali ya kujifunza.

Chuoni, insha na ripoti hupima kitu kingine. Mhadhiri anajua tayari kwamba vitabu vipo na kwamba habari zimo ndani yake. Anachotaka kukiona ni namna mwanafunzi alivyozichagua habari hizo, alivyozipima, na uamuzi aliofikia. Ndiyo maana jina linaloandikwa kwenye jalada la kazi hubeba ahadi: kila kilichomo humu ambacho hakina alama ya kutoka kwa mwingine, nimekifikiri na kukiandika mimi. Msomaji hawezi kuichunguza kila sentensi, hivyo huitegemea ahadi hiyo. Alama za kunukuu, jina la mwandishi, namba ya ukurasa na orodha ya marejeleo ndizo njia ambazo mwandishi hutumia kuonyesha mahali ambapo sauti ya mwingine inaanza na inapoishia.

Anachopotezewa mtu

Mwizi wa baiskeli humwacha mwenyewe akitembea kwa miguu, ila aliyenakili kitabu hakumwondolea mwandishi hata ukurasa mmoja. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanafunzi huona kwamba hakuna aliyedhurika. Hoja hiyo ingesimama kama kiini cha kosa hili kingekuwa kuchukua mali. Kiini chake ni kumdanganya msomaji, na visa vichache vinatosha kulionyesha hilo.

Mwanafunzi anaweza kupewa insha na rafiki yake kwa hiari kabisa, au akamlipa mtu amwandikie. Mwenye maandishi ameridhia, pengine hata ameshapokea fedha zake, wala halalamiki. Hata hivyo mhadhiri anaposoma jina kwenye jalada anaambiwa jambo lisilo la kweli. Ridhaa ya mwenye maandishi haiwezi kulifuta kosa alilotendewa msomaji.

Chukua pia tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Hakimiliki katika nchi nyingi huisha miaka 50 au 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo hakuna wa kumshtaki anayezichapisha tungo hizo leo. Lakini anayeziwasilisha kwa jina lake mwenyewe amefanya wizi wa maandishi. Kwa upande mwingine, anayetoa nakala ya kitabu kizima kwenye duka la fotokopi, jina la mwandishi likiwa palepale, huenda akavunja sheria ya hakimiliki bila kufanya wizi wa maandishi. Hakimiliki inalinda haki ya mtunzi ya kunufaika na kazi yake kwa muda uliowekwa. Kutaja chanzo kunalinda ukweli wa kile msomaji anachoambiwa, na hilo halina muda wa kuisha.

Mwandishi wa awali naye ana anachokosa. Watafiti wengi hawapati fedha ya maana kutokana na makala zao. Malipo yao ni kutambuliwa kwamba jambo fulani liligunduliwa au kufafanuliwa nao. Jina linapofutwa, malipo hayo yamekwenda kwa mwingine. Wanafunzi wenzake pia wanakosewa, kwa kuwa wamekaa na kitabu kwa siku kadhaa, wakaandika sentensi zao zenye kasoro, kisha wakapimwa kwa mizani moja na sentensi laini za mtaalamu aliyeandika kwa miaka 20.

Madhara yanayosahaulika zaidi yanaangukia maarifa yenyewe. Tuseme mtafiti mmoja alikosea akaandika mwaka usio sahihi wa tukio la kihistoria. Watu watatu wakainakili sentensi yake bila kumtaja. Msomaji anayekuja baadaye anaona waandishi wanne wanaokubaliana kuhusu mwaka huo, na ana kila sababu ya kuamini kwamba jambo limethibitishwa mara nne. Kwa kweli shahidi ni mmoja, na amekosea. Kama wale watatu wangemtaja, msomaji angefuata njia hadi kwenye chanzo, angeuliza ushahidi wake ni upi, na kosa lingepatikana. Kufuta jina ni kuifuta njia hiyo.

“Sikukusudia”

Utetezi unaosikika zaidi katika ofisi za wahadhiri ni kwamba mwanafunzi hakukusudia. Mara nyingi ni kweli, na ukweli huo unapunguza lawama. Kudanganya kwa maana kamili kunahitaji kujua kwamba unalosema si kweli, na mwanafunzi mzembe hakujua kwamba sentensi ile haikuwa yake. Asiyekusudia hastahili kuwekwa kundi moja na aliyenunua insha.

Hata hivyo kupungua kwa lawama si kuondoka kwake. Anayeandika jina lake juu ya kazi haahidi tu kwamba hakunakili kwa makusudi. Anaahidi pia kwamba amehakikisha. Asiyehakikisha ameivunja sehemu hiyo ya ahadi hata kama hakuna sentensi moja aliyoiiba akijua. Kosa lake halikutendeka usiku wa kuwasilisha, bali wiki kadhaa kabla, alipoandika dondoo bila kutofautisha ya kwake na ya kitabu, huku akijua kwamba siku moja angezitumia.

Kuna jambo jingine linaloudhoofisha utetezi huu. Kosa la bahati mbaya kabisa lingeelekea pande zote mbili: mara mwanafunzi angejipa sentensi ya mwingine, mara angempa mwingine sentensi yake mwenyewe. Hili la pili halionekani katika kazi za wanafunzi. Usahaulifu ambao kila mara unamwongezea sifa yule yule aliyesahau unahitaji kuangaliwa kwa makini, na wa kwanza kuuangalia ni yeye mwenyewe.

Ndiyo sababu vyuo, vinapochunguza madai ya kutokusudia, hutazama mtindo wa makosa katika kazi nzima. Mwaka 2011, Karl-Theodor zu Guttenberg, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alituhumiwa kunakili katika tasnifu yake ya udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Bayreuth. Hata mwanzo wa utangulizi wake ulitoka katika makala ya gazeti bila kutajwa. Alijitetea kwamba katika miaka ya uandishi alilemewa na kazi na familia, akapoteza udhibiti wa vyanzo vyake. Watu wa kujitolea walilinganisha tasnifu na vyanzo, ukurasa kwa ukurasa, na kuweka matokeo hadharani. Chuo kilimvua shahada mwezi Februari, naye akajiuzulu uwaziri tarehe 1 Machi. Mwezi Mei kamati ya chuo ilihitimisha kwamba udanganyifu ulikuwa wa makusudi. Kusahau alama katika kurasa mbili au tatu kunaweza kuwa bahati mbaya. Inapokuwa sehemu kubwa ya tasnifu, na maneno ya kuunganisha yamebadilishwa ili vipande vishikane, bahati mbaya haitoshi kueleza.

Kisa cha Doris Kearns Goodwin

Kisa kinachomfaa zaidi mwanafunzi anayenakili kwa uzembe ni cha mwanahistoria wa Marekani, Doris Kearns Goodwin. Mwaka 1987 alichapisha kitabu kikubwa cha historia ya koo za Fitzgerald na Kennedy. Mwaka 1995 alipata Tuzo ya Pulitzer kwa kitabu kingine, na baadaye akawa mjumbe wa bodi inayotoa tuzo hiyo. Januari 2002 jarida moja la Washington lilionyesha kwamba kitabu cha 1987 kilikuwa na vifungu vilivyofanana mno na vya mwandishi Lynne McTaggart, aliyechapisha mwaka 1983 kitabu kuhusu maisha ya Kathleen Kennedy.

Goodwin hakuwa amemficha McTaggart. Tanbihi zake zilimtaja mara nyingi. Kilichokosekana ni alama za kunukuu kwenye maneno yaliyochukuliwa kama yalivyo. Mwenyewe alieleza namna ilivyotokea. Kazi ilimchukua miaka mingi, na wakati huo aliandika dondoo zote kwa mkono. Katika karatasi zake, maneno aliyoyanakili na maneno aliyoyatunga yalikaa pamoja bila alama ya kuyatenganisha. Alipozirudia dondoo hizo baada ya muda mrefu, alisoma sentensi zilizoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe na kudhani kwamba ni zake.

Mtu anaweza kuuliza, kama chanzo kilitajwa, kosa liko wapi? Jibu ni kwamba tanbihi isiyo na alama za kunukuu humwambia msomaji mambo mawili: habari hii nimeitoa kwa fulani, na nimeisema kwa maneno yangu. La kwanza lilikuwa kweli na la pili halikuwa. McTaggart alilisema hilo waziwazi katika gazeti mwaka huohuo: mwandishi hamiliki matukio wala mawazo, kilicho chake ni namna alivyoyaeleza. Matukio ya maisha ya Kathleen Kennedy yako wazi kwa kila mwanahistoria, lakini kuyapanga na kuyapa maneno ilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Matokeo yalikuwa mazito. Goodwin alijitoa katika bodi ya Pulitzer, na kipindi cha habari cha televisheni alichokuwa akishiriki kikamsimamisha kwa muda. Baada ya hapo alibadilisha utaratibu. Alieleza kwamba vifungu anavyotaka kuvitumia sasa anavichukua kwa skana, vikae kama picha ya ukurasa, na maoni yake mwenyewe anayaweka katika faili tofauti ili viwili hivyo visichanganyike tena. Kasoro ilikuwa katika dondoo, na ndipo alipoirekebisha.

Aya moja, njia nne

Mfano mmoja unaweza kuonyesha mpaka ulipo. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya. Tuseme ziko katika ukurasa wa 42 wa kitabu cha mwandishi anayeitwa A:

“Kiunguja hakikuchaguliwa kwa sababu ya utamu wake. Kilichaguliwa kwa sababu misafara ilikuwa imeshakipeleka bara kabla ya wakoloni kufika, na wamisionari wa Unguja walikuwa wameshakiandikia vitabu. Wajumbe walikuta mlango umeshafunguliwa.”

Mwanafunzi wa kwanza anazihamisha sentensi hizi katika insha yake kama zilivyo, bila alama wala jina. Kosa lake halihitaji maelezo.

Mwanafunzi wa pili anaziandika kama zilivyo, bila alama za kunukuu, kisha mwishoni anaweka mabano: (A, uk. 42). Huyu anadhani amemaliza wajibu wake. Kwa kweli amefanya kilekile alichofanya Goodwin, yaani amekiri habari ilikotoka na kujitwalia maneno.

Mwanafunzi wa tatu amesikia kwamba ni lazima atumie maneno yake mwenyewe, naye anaandika hivi: “Kiunguja hakikuteuliwa kutokana na uzuri wake. Kiliteuliwa kwa kuwa misafara ilikwishakifikisha bara kabla ya ujio wa wakoloni, na wamisionari wa Unguja walikwishakiandikia vitabu (A, uk. 42).” Ukiziweka sentensi hizi chini ya zile za A utaona kilichotokea. “Kuchagua” kumekuwa “kuteua”, “utamu” umekuwa “uzuri”, “kupeleka” kumekuwa “kufikisha”. Muundo wa sentensi, mfuatano wa hoja na hata ukanushaji unaofungua aya vimebaki vilevile. Huu ni uandishi wa viraka, na ndilo kosa la wanafunzi wapya lililo la kawaida zaidi. Mara nyingi hutokana na kutoelewa vizuri kilichosomwa: asiyeielewa hoja hawezi kuipanga upya, kwa hiyo anashikilia mifupa yake na kubadilisha neno hapa na pale. Dawa yake ni kusoma tena hadi hoja ieleweke. Kutafuta visawe zaidi hakusaidii.

Mwanafunzi wa nne anaandika: “Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa maoni ya A, uamuzi huo ulifuata hali iliyokuwepo, kwani biashara ya misafara na vitabu vya wamisionari vilikuwa vimeshaieneza lahaja hiyo, wajumbe ‘walikuta mlango umeshafunguliwa’ (uk. 42). Maelezo haya yanaonyesha kwa nini Kiunguja kilikubalika bara. Hayaonyeshi kwa nini Kimvita, ambacho nacho kilikuwa na kazi za wamisionari na ushairi mkongwe, kiliachwa.”

Hapa kila kitu kina mwenyewe. Mwaka wa mkutano hauna marejeleo kwa sababu ni jambo linalopatikana katika historia nyingi za Kiswahili na halibishaniwi. Tafsiri ya uamuzi ni ya A, na jina lake limewekwa mwanzoni ili msomaji ajue maoni hayo yanaanzia wapi. Maneno yaliyobaki kama yalivyo yako ndani ya alama. Na sentensi mbili za mwisho ni za mwanafunzi. Katika karatasi tatu za kwanza mhadhiri hawezi kuona mwanafunzi anafikiri nini. Katika hii ya nne anamwona, na anamwona kwa sababu A ametajwa, mpaka kati yao ukawa wazi.

Upo mtego mmoja unaowahusu hasa wanaosoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Mwanafunzi anayechukua makala ya Kiingereza na kuitafsiri aya kwa aya katika insha ya Kiswahili hatakuwa na neno hata moja linalofanana na la chanzo. Bado hoja, mifano na mpangilio wote ni wa mwingine, na ni vitu hivyo vilivyotajwa katika fasili ya wizi wa maandishi. Tafsiri ndefu yenye jina la mwandishi ni nukuu iliyotafsiriwa. Bila jina hilo, ni wizi.

Kosa linapoanzia

Kwa kuwa uzembe huingia kupitia dondoo, utaratibu wa dondoo ndio unaoweza kuuzuia. Hatua ya kwanza ni kuandika jina la mwandishi, jina la kitabu na mwaka wake kabla ya kuandika neno lolote kutoka ndani yake, na kuweka namba ya ukurasa kando ya kila dondoo. Anayeiacha kazi hiyo hadi mwisho atajikuta usiku wa kuwasilisha akiwa na sentensi nzuri asiyojua ilitoka wapi.

Hatua ya pili ni kufungua alama za kunukuu kabla ya kunakili neno la kwanza na kuzifunga baada ya neno la mwisho, hata katika daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma. Msomaji wa daftari hilo ni mwanafunzi mwenyewe baada ya wiki sita, naye atakuwa amesahau. Wanaotumia kompyuta wana hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo Goodwin, kwa sababu kunakili na kubandika huchukua sekunde moja, na maandishi yaliyobandikwa huonekana sawasawa na yaliyochapwa. Salama ni kuwa na faili mbili: moja ya dondoo zenye alama na kurasa, nyingine ya insha, na kutobandika kitu moja kwa moja katika ile ya pili.

Hatua ya tatu inahusu kueleza kwa maneno yako. Mwanafunzi husoma kifungu hadi akielewe, hufunga kitabu, kisha huandika hoja kana kwamba anamweleza mwenzake ambaye hakukisoma. Baada ya hapo hufungua kitabu na kulinganisha. Kama mfuatano wa sentensi umerudi uleule, hukianza upya. Kama kuna maneno ya kipekee yaliyojipenyeza, huyatia alama za kunukuu. Katika njia zote mbili jina na ukurasa hubaki, kwa kuwa kubadilisha maneno hakubadilishi mwenye wazo.

Maoni yanayomjia mwanafunzi wakati wa kusoma nayo yanahitaji alama yake, kwa mfano neno MIMI mwanzoni mwa mstari. Alama hiyo inamlinda asije akakipa chanzo wazo lililo lake, na pia inamwonyesha mapema kama ana la kwake la kusema. Kurasa kumi za dondoo zisizo na MIMI hata mara moja ni dalili kwamba insha itakuwa ya kunakili, kabla haijaandikwa.

Mipaka, na asilimia za programu

Si kila kitu kinahitaji chanzo. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, au kwamba maji huchemka kwa nyuzijoto 100 kwenye usawa wa bahari, ni mambo ambayo msomaji yeyote wa fani husika anayajua au anaweza kuyathibitisha popote. Takwimu, matokeo ya utafiti, fasili ya mtaalamu fulani na maelezo ya sababu za tukio huhitaji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado hajui kipi ni cha kawaida katika fani yake, na akiwa na shaka ni heri ataje. Marejeleo yaliyozidi ni kasoro ndogo ya mtindo, wala hayamkosei mtu.

Vyuo vingi hutumia programu kama Turnitin zinazolinganisha kazi na maandishi yaliyohifadhiwa, kisha kutoa asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo huonyesha maneno yanayolingana tu. Insha yenye nukuu nyingi zilizotajwa vizuri inaweza kupata asilimia kubwa bila kosa lolote, na insha iliyotafsiriwa yote kutoka lugha nyingine inaweza kupata ndogo sana. Mtu ndiye anayesoma ripoti na kuamua. Kwa hiyo mwanafunzi anayebadilisha maneno ili asilimia ishuke chini ya kiwango cha chuo, huku hoja zikibaki za mwingine, hajalipunguza kosa lake. Ameingia katika kosa kubwa zaidi, kwa sababu sasa anajua anachokificha, na utetezi wa kutokusudia haupo tena.

Kosa likishagunduliwa

Kosa linalogunduliwa kabla ya kuwasilisha halijamkosea mtu, na marekebisho yake ni kurudi kwenye chanzo. Ikibainika kwamba chanzo hakipatikani tena, sentensi inaondolewa, hata kama ni nzuri. Likigunduliwa baada ya kuwasilisha, linalotakiwa ni kumwendea mhadhiri na kumwonyesha kifungu, chanzo chake na namna kilivyoingia. Dondoo zilizohifadhiwa huwa ushahidi hapa, kwani aliyechanganya kwa bahati mbaya ana daftari linaloonyesha mchanganyiko huo, jambo ambalo aliyenunua insha hawezi kulionyesha. Adhabu hutofautiana kati ya chuo na chuo, kutoka kurudia kazi hadi kufukuzwa, na kwa waliohitimu kuvuliwa shahada. Tofauti kati ya mzembe na mdanganyifu huonekana zaidi katika ukubwa wa adhabu.

Katika kisa cha Goodwin kulikuwa na malipano ya faragha na McTaggart miaka mingi kabla ya 2002, pamoja na tanbihi zilizoongezwa. Mwandishi aliyechukuliwa maneno yake alikuwa ameridhishwa. Wasomaji walioendelea kukinunua kitabu hawakuambiwa kwamba maneno yalikuwa yamechukuliwa, ndiyo maana suala lilipofichuka lilikuwa bado na nguvu. Wizi wa maandishi una wakosewa wawili, na kupatana na mmoja hakumalizi deni la mwingine. Mwanafunzi aliyekosea anamaliza lake pale jina la mwandishi linaporudishwa mahali lilipofutwa, na msomaji anapoambiwa kwamba halikuwepo.